Kwa nini mwingine husema ‘kula’ na mwingine ‘kura’? Hotuba ya dakika tatu kwa klabu ya shule

Mwanao amerudi kutoka shuleni na kazi. Klabu ya Kiswahili imempangia kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa dakika tatu kwa nini watu wa mikoa mbalimbali hutamka maneno yaleyale kwa namna tofauti. Anakuja kwako na daftari, na wewe unajua tu kwamba jambo hilo lipo. Umelisikia sokoni, kwenye daladala na msibani. Sababu yake hujawahi kuulizwa.

Kwa familia za Kwashemshi, wilayani Korogwe, kazi hii haihitaji safari ya mbali. Upande wa milimani kuna Kisambaa, ukielekea Muheza unakutana na Kibondei, na ukivuka kwenda Handeni uko kwa Wazigua. Juu ya hao, mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka pande nyingi za nchi. Darasa moja linaweza kuwa na watoto ambao babu zao walizungumza lugha tano tofauti.

Hapo ndipo penye uzito wa mada hii. Mtoto anayechekwa kila akisoma kwa sauti hujifunza haraka kwamba kunyamaza ni salama zaidi. Akinyamaza hasomi, hajibu, haulizi. Upande mwingine, yuko mtoto ambaye nyumbani tunasema “hiyo ni lafudhi tu”, kumbe hasikii vizuri. Mzazi anayejua chanzo cha tofauti za matamshi anaweza kuwatenganisha watoto hawa wawili. Tuanze na chanzo, kisha tuje kwenye hotuba yenyewe.

Sikio huchagua mapema

Chukua maneno mawili: kula na kura. Tofauti yake ni sauti moja tu. Ukitamka “l”, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kubaki hapo, huku hewa ikipita pembeni. Ukitamka “r”, ncha hiyohiyo inagonga karibu na mahali palepale na kuondoka upesi. Jaribu sasa hivi: “l” unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe, lakini “r” ya pigo moja haivutiki. Ukilazimisha kuivuta, itageuka mtetemo wa mapigo mengi.

Kwa kuwa sauti hizi zimekaribiana hivyo, si kila lugha inazihitaji zote mbili. Kisukuma na Kinyamwezi kwa asili vina “l” na havina “r”. Kikuria cha mkoani Mara kina “r” na hakina “l”, na ndivyo ilivyo kwa Kikuyu cha Kenya. Mtu aliyekulia katika lugha mojawapo kati ya hizo akikutana na Kiswahili, anakuta sauti mbili mahali ambapo yeye alizoea moja. Hapo ndipo mmoja atasema “habali” na mwingine “chakura”.

Watu wengi hudhani tatizo liko kwenye ulimi, kwamba ulimi wa kabila fulani ni mzito. Si kweli. Ulimi wa mtoto wa Tarime na wa mtoto wa Tanga umeumbwa sawa. Kinachotofautiana ni mazoea ya sikio na ubongo, na mazoea hayo huanza mapema kuliko tunavyofikiri.

Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, waliofanya kazi Kanada, walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 wanaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hawajawahi kuzisikia nyumbani. Walipofika miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mwaka 2006 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Marekani na wa Japani kwa sauti hizihizi za “r” na “l”, ambazo Kijapani hakizitenganishi. Katika miezi 6 hadi 8, watoto wa nchi zote mbili walikuwa karibu sawa. Kufikia miezi 10 hadi 12, wale wa Marekani walikuwa wameongezeka uwezo na wale wa Japani wamepungua.

Kwa maneno mengine, kabla mtoto hajasema hata “mama” vizuri, sikio lake limekwisha kuchagua tofauti zipi lizifuatilie na zipi liziache. Sikio haliharibiki, linajipanga kwa kazi iliyopo. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusema “kura” badala ya “kula”, ukamsahihisha, naye akakuuliza kwa mshangao, “Si ndivyo nilivyosema?” Hakufanyii ubishi. Kwake yeye ni kweli amesema hivyo.

Jambo hili halina mshindi. Watu wengi wa bara husema “zahabu” na “selasini” kwa sababu lugha zao za kwanza hazina “dh” na “th”, sauti zilizoingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Lakini “gh”, inayowashinda wengi mpaka “ghali” ikawa “gali”, haimpi shida Msambaa. Lugha yake inayo tayari, kwa mfano katika neno kughamba, yaani kusema. Kila mmoja wetu ana sauti alizozipata bure nyumbani na sauti anazopaswa kuzitafuta.

Lugha nazo huachana njia

Sababu ya pili ni historia. Watu wa lugha moja wakitengana, matamshi yao huanza kwenda kila upande, polepole, bila mtu yeyote kuamua.

Msikilize Msambaa au Mzigua akiita maji: atasema mazi. Watu wa Lamu wao husema mai. Hayo ni matamshi matatu ya neno lenye mzizi mmoja wa Kibantu. Hakuna aliyeliharibu la mwenzake; kila kundi lililirithi na kulibeba kwa njia yake. Vivyo hivyo jina la heshima la mwanamume, ambalo mkoani Tanga limekuwa utani wa kuitana barabarani: Mzigua na Mbondei husema mgosi, Msambaa husema mgoshi.

Mabadiliko haya yana utaratibu. Kiswahili cha Mombasa, yaani Kimvita, husema ndia, ndaa na ndoo pale Kiunguja kinaposema njia, njaa na njoo. Kimvita husema mato na kuteka, Kiunguja macho na kucheka. Ukishaona kwamba “nj” ya Unguja inalingana na “nd” ya Mombasa, na “ch” na “t”, unaweza karibu kubashiri neno linalofuata. Makosa ya kubahatisha hayawi na mpangilio wa namna hiyo.

Basi kwa nini vitabu vya shule vinaandika njia na si ndia? Kwa sababu ilibidi kuchagua moja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kufundishia, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Lahaja nyingine hazikuwa na kasoro. Shule zilihitaji tahajia moja, na mtihani mpaka leo unaifuata hiyo.

Handeni ina mfano wake wa kutengana. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani mpaka pwani ya Somalia. Wengine walitoroka na kuanzisha vijiji vyao kando ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi, huku maneno ya Kisomali yakiingia. Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, na wengine wakapokelewa Handeni, kwenye kambi ya Mkuyu na baadaye makazi ya Chogo. Walifika kwa wenyeji wenye lugha ya mababu zao, baada ya zaidi ya miaka 100 ya kuishi mbali nayo.

Manamba na watoto wao

Sababu ya tatu ndiyo iliyoijenga Korogwe tunayoijua. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea kando ya reli ya kutoka Tanga. Kazi ya kukata majani ya mkonge ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu, kwa hiyo wafanyakazi waliandikishwa kutoka mbali: Unyamwezi, Kigoma, kusini mwa Tanganyika, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, jina linalotokana na namba walizopewa.

Kambini, Mnyamwezi na Muha na Mngoni hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili. Kila mmoja alikisema kwa sauti za kwao. Watoto wao waliozaliwa hapo, je, walirithi lafudhi za wazazi?

Jibu huwashangaza wazazi wengi. Mtoto huanza na lafudhi ya nyumbani, lakini akishaanza kucheza nje huhamia lafudhi ya wenzake. Wataalamu wa lugha wameliona hili katika nchi nyingi kwa familia zilizohama. Mtoto aliyehamia akiwa mdogo hufanana na rika lake la mahali pale, na aliyehamia akiwa kijana mkubwa hubaki na alama za alikotoka. Ndiyo maana unaweza kukuta mzee aliyefika shambani akiwa kijana, bado anasema “kalibu”, na mjukuu wake wa darasa la tano anasema “karibu” kama mtoto yeyote wa Tanga. Damu ni moja, ila masikio yalilelewa mahali tofauti.

Ni lafudhi au ni tatizo?

Hapa ndipo mzazi anatakiwa kuwa makini. Kuna maswali mawili yanayosaidia.

La kwanza: je, watu wengine wa nyumbani au wa lugha hiyo hutamka hivyo? Kama baba, shangazi na binamu wote husema “chakura”, hiyo ni lafudhi. Kama mtoto ni peke yake katika familia nzima na kati ya rika lake, chunguza zaidi. Kumbuka tu kwamba “r” ni miongoni mwa sauti zinazochelewa kwa watoto. Mtoto wa miaka 3 anayesema “kalibu” bado yuko safarini.

La pili: je, anasikia tofauti? Hili unaweza kulipima nyumbani kwa mtoto wa shule. Andika au chora maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti hiyo tu, kama mahali na mahari, au mbali na mbari. Ziba mdomo wako kwa karatasi ili asisome midomo. Taja mojawapo mara 10 kwa kuchanganya, naye aonyeshe ulilosema. Akipata 8 au zaidi, sikio linatofautisha na kilichobaki ni mazoezi ya ulimi. Akipata 5 hivi, anabahatisha, kwa hiyo mazoezi yaanze kwenye kusikiliza. Kumwambia “sema vizuri” hakumsaidii mtu ambaye hajasikia kosa liko wapi. Kipimo hiki kina mpaka wake: wewe mwenyewe uwe unazitenganisha sauti hizo. Kama huna hakika, mpe kazi hiyo jirani au mwalimu.

Zipo dalili ambazo si za lafudhi kabisa. Mtoto wa miaka 4 ambaye watu wa nje hawamwelewi maneno mengi. Anayeongeza sauti ya redio kila mara au kugeuza sikio upande mmoja. Aliyetokwa usaha sikioni mara kwa mara. Anayepoteza maneno aliyokuwa nayo. Au ambaye hageuki akiitwa kwa nyuma. Huyo apelekwe kituo cha afya masikio yaangaliwe, na ikibidi apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Na usikubali mtu akate ukano ulio chini ya ulimi, wala kimeo, eti mtoto atamke “r”. Lafudhi haikai huko. Kukata kwa wembe mtaani huleta damu nyingi na maambukizi, na mtoto atarudi nyumbani akisema vilevile. Ukano mfupi unaozuia ulimi kutoka nje au mtoto kunyonya upo kweli, lakini huo huamuliwa na daktari.

Hotuba yenyewe

Ifuatayo inasomeka kwa dakika tatu hivi. Mtoto aibadilishe mifano iwe ya nyumbani kwao.

*Mwalimu mlezi wa klabu, mwenyekiti, na wanaklabu wenzangu, hamjambo.*

*Naomba kila mmoja aseme kimoyomoyo neno hili: maji. Sasa fikiria unaomba maji kwa bibi wa Kisambaa kule milimani. Yeye atayaita mazi. Ukienda Lamu utasikia mai. Nani kati yao amekosea? Leo nitawaeleza kwa nini jibu langu ni kwamba hakuna.*

*Sababu ya kwanza ni masikio yetu. Mtoto mchanga wa miezi sita anaweza kutofautisha sauti za lugha nyingi za dunia. Kabla hajafikisha mwaka mmoja, sikio lake huanza kufuata sauti za watu wanaomlea. Kisukuma kina “l” bila “r”. Kikuria kina “r” bila “l”. Kwa hiyo Msukuma na Mkuria wakijifunza Kiswahili, mmoja atasema “habali” na mwingine atasema “chakura”. Ndimi zao hazina ugonjwa. Kila mmoja anatumia sauti aliyolelewa nayo.*

*Sababu ya pili ni umbali. Watu wakitengana kwa miaka mingi, matamshi yao hutengana pia. Mombasa wanasema ndia, sisi tunasema njia. Wao ndaa, sisi njaa. Mnaona kwamba kuna utaratibu? Penye “nj” yetu wao wana “nd”. Vitabu vyetu vilifuata Kiswahili cha Unguja kwa sababu wakubwa walikubaliana hivyo, mwaka 1928 na 1930, ili shule zote ziandike namna moja.*

*Sababu ya tatu ni safari. Hapa kwetu watu walikuja kukata mkonge kutoka Unyamwezi, Kigoma, Ungoni na hata Msumbiji. Kila mmoja alikuja na sauti zake. Lakini watoto wao walicheza na watoto wa hapa, wakaanza kusema kama watoto wa hapa. Kwa hiyo lafudhi haipiti kwenye damu. Tunaipata kwa watu tunaoishi na kucheza nao.*

*Je, basi tuandike tunavyotamka? Hapana. Ukiandika “nimekura ugali” kwenye mtihani, utapoteza alama, kwa sababu kura ni ya uchaguzi na kula ni ya ugali. Katika kuandika sote tunafuata tahajia moja. Katika kuzungumza, mwenzetu akisema tofauti, tumwelewe kwanza. Akitaka kujifunza, tumsaidie kwa maneno mawili mawili: mahali na mahari, kula na kura.*

*Wiki ijayo naomba kila mmoja alete neno moja ambalo bibi au babu yake hulitamka tofauti na kitabu. Tutayaandika ubaoni na kutafuta utaratibu wake. Asanteni.*

Maswali atakayoulizwa

Mwandae mwanao kwa maswali mawili ambayo hayakosekani. La kwanza ni “Mtu mzima anaweza kubadilika?” Anaweza, ila polepole: kwanza asikilize jozi za maneno mpaka atofautishe, kisha aizoeshe ncha ya ulimi. Kwa anayetafuta “r”, njia rahisi ni kurudia “da-da-da” kwa kasi na wepesi mpaka pigo la ulimi lilegee. Kwa anayetafuta “l”, aanze na sauti ndefu isiyokatika, “llll”, ndipo aongeze “a”.

La pili ni “Kwani lafudhi ipi ni nzuri?” Mwambie ajibu kwa swali: nzuri kwa kazi gani? Kwa kusoma taarifa ya habari redioni, matamshi ya Kiswahili sanifu humfaa msikilizaji wa kila mkoa. Kwa kumsimulia bibi habari za shule, lafudhi ya nyumbani inatosha kabisa.